Ramani za joto za viungo vya mwili: dalili, sababu na marekebisho

Mwongozo huu ni wa mtu anayefundisha mtandao wa neva kutambua mkao wa mwili kwa ramani za joto. Kila kiungo kina ramani yake, na mahali kiungo kilipo huchorwa doa la Gausi ambalo kilele chake ni 1 na hufifia kadiri unavyoondoka katikati. Mifano yote inatumia vipimo vilivyozoeleka: kipande cha picha chenye upana wa pikseli 192 na kimo cha 256, ramani ya 48 kwa 64, yaani ndogo mara nne kila upande, na sigma ya pikseli 2 za ramani. Viungo ni 17 kwa mpangilio wa COCO, na hasara ni wastani wa mraba wa makosa.

Malalamiko yanayojirudia ni machache, na mengi hayatokani na mtandao wenyewe. Yanatokana na jinsi shabaha zilivyochorwa, au jinsi kilele kinavyosomwa na kurudishwa kwenye picha. Kwa hiyo usiguse mtandao, kasi ya kujifunza wala idadi ya epoki kabla ya kufanya jaribio la kwenda na kurudi. Chukua nukta zilizowekwa na watu, zichoree ramani, kisha pitisha ramani hizo kwenye msimbo wako wa kusoma kilele kana kwamba zimetoka kwenye mtandao. Nukta zirudi zilikotoka. Zisiporudi, hakuna mafunzo yatakayozirudisha.

```python
import numpy as np

def doa(cx, cy, w=48, h=64, sigma=2.0):
    x = np.arange(w)[None, :]
    y = np.arange(h)[:, None]
    return np.exp(-((x - cx)**2 + (y - cy)**2) / (2 * sigma**2))

ramani = doa(101 / 4, 85 / 4)
y, x = np.unravel_index(ramani.argmax(), ramani.shape)
print(x * 4, y * 4)   # 100 84
```

Nukta ya (101, 85) imerudi ikiwa (100, 84). Pikseli moja imepotea kila upande, na hilo ni la kawaida ukisoma kilele kwa `argmax` pekee. Kosa la namna hiyo haliwezi kuzidi pikseli 2 za kipande. Likizidi, tayari una mdudu, na sehemu ya pili hapa chini ndiyo yako.

## Dalili ya kwanza: hasara ni ndogo sana, lakini ramani ni tupu

Namba ya hasara inapendeza tangu epoki ya kwanza. Ukichora matokeo, nukta zote zimejikusanya kwenye kona ya juu kushoto, au zimetawanyika bila mpango.

Sababu inayotokea zaidi: mtandao umejifunza kutoa sifuri. Ramani ina pikseli 3072. Katika doa la sigma 2, pikseli zenye thamani inayozidi nusu ni kama 17 tu, na nyingine karibu zote ni sifuri au zinakaribia sifuri. Mtandao unaotoa sifuri kila mahali unakuwa sahihi karibu kila mahali. Hasara yake unaweza kuikokotoa kwa mkono: jumla ya mraba wa doa zima ni takriban π mara sigma mraba, yaani 12.57. Gawanya kwa 3072, unapata 0.0041. Kama msimbo wako unazidisha hasara kwa nusu, kama ilivyo katika misimbo mingi ya kazi hii, unapata 0.0020. Viungo vilivyopewa uzito wa sifuri vitaishusha zaidi, kwa uwiano wa idadi yao.

Namba hiyo ndiyo mstari wako wa kuanzia. Mtu anayeona 0.002 akadhani mafunzo yamekamilika anatazama mtandao ambao haujajifunza chochote. Tazama thamani ya juu kabisa ya kila ramani inayotolewa, siyo hasara: kama bado ni 0.02 au 0.05, mtandao haujatoka kwenye sifuri. Hatua hii hupitiwa na mitandao mingi yenye afya mwanzoni mwa mafunzo, kwa hiyo usiwe na haraka kama vilele vinapanda. Kona ya juu kushoto nayo ina maelezo yake: ramani ikiwa sawa kila mahali, `argmax` hurudisha pikseli ya kwanza, ambayo ni (0, 0).

Sababu ya pili: doa limeangukia nje ya ramani. Hutokea pale nukta zinapochorwa kwa vipimo vya kipande bila kugawanywa kwa 4. Kifundo cha mkono kilicho x = 101 hakiwezi kuingia kwenye ramani yenye upana wa 48. Viungo vilivyo sehemu ya juu kushoto ya picha huponea, vingine hupotea kimya, na shabaha zao zinabaki sifuri tupu. Kipimo ni rahisi: kwa kila kiungo chenye uzito wa 1, thamani ya juu ya shabaha yake iwe kati ya 0.94 na 1. Hiyo 0.94 hutokea doa linapokuwa na kitovu katikati kabisa ya pikseli nne. Ukiona sifuri, umempata mhusika. Hapo hapo hakikisha hujabadilishana upana na kimo. Kosa hilo hujitambulisha kwa nukta zilizopinduliwa kwenye mshazari, kichwa kikiwa kushoto badala ya juu.

Sababu ya tatu: doa limegawanywa kwa eneo lake. Fomula ya Gausi ya vitabu vya takwimu ina kigawanyo cha 2π mara sigma mraba, ili jumla iwe 1. Kwa sigma 2 kigawanyo ni 25.13, na kilele kinashuka hadi 0.04. Shabaha inakuwa hafifu kiasi kwamba mtandao hauoni sababu ya kuondoka kwenye sifuri. Ondoa kigawanyo, kilele kirudi 1.

Sababu ya nne: tabaka la mwisho lina `ReLU`. Likianza upande wa hasi linakufa, na gradienti haipiti tena. Kwa hasara hii, tabaka la mwisho liache liwe la mstari tu, bila kitu juu yake.

Sababu ya tano, isiyo ya kawaida lakini sumbufu: viungo visivyowekewa alama. Katika COCO, kiungo chenye `v = 0` huandikwa kikiwa na nukta (0, 0). Usipokipa uzito wa sifuri, unaufundisha mtandao kwamba kipo kwenye kona ya picha nzima. Tofauti na ramani tupu, hapa utaona kilele halisi mahali pasipo na mtu.

Mahali pa kusimama. Chukua bechi moja ya picha chache, zima mageuzi yote ya picha, fundisha kwa hatua mia kadhaa. Mtandao mzima unapaswa kuzikariri picha hizo hadi ramani zake zifanane na shabaha. Ukishindwa, usianzishe mafunzo kamili kwa matumaini kwamba data nyingi itasaidia. Haitasaidia.

## Dalili ya pili: nukta zipo karibu, lakini zimehama

Hii ndiyo inayosumbua watu kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu picha zinaonekana nzuri. Mifupa imekaa juu ya mwili, kila kiungo kipo karibu na mahali pake, ila alama za tathmini zinakwama chini ya ulizotarajia. Ukikuza picha unaona kila nukta imesogea kidogo.

Usianze kurekebisha. Anza kwa kupima umbo la kosa. Kwa kila nukta andika x iliyotabiriwa kutoa x ya kweli, kisha chora tofauti hiyo dhidi ya x ya kweli. Fanya hivyo kwa y pia. Umbo la mchoro linakuambia sababu kabla hujafungua msimbo.

Kosa ni lile lile kila mahali, na linaelekea kushoto na juu: umekata desimali. Tuseme kifundo cha mkono kipo x = 103. Ukigawanya kwa 4 unapata 25.75. Msimbo ulioandikwa `int(x / 4)` unachora doa kwenye 25, na likirudi linakuwa 100. Pikseli 3 zimepotea. Kiungo kingine kikiwa x = 100 hakipotezi kitu. Kwa wastani wa viungo vyote, doa linakaa nusu pikseli ya ramani kushoto na nusu juu, yaani pikseli 2 za kipande kila upande. Mtu aliyekuwa na kimo cha pikseli 600 kwenye picha asili, akapunguzwa hadi 256, kosa lake linakua mara 2.34 wakati wa kurudi, na linafika takriban pikseli 4.7. Kwenye jicho, hiyo ni hasara kubwa.

Dawa ya haraka ni kukadiria badala ya kukata, `int(x / 4 + 0.5)`. Upendeleo wa upande mmoja unaisha, ila makosa ya huku na huku yanabaki. Dawa kamili ni kuacha kitovu cha doa kiwe na desimali, kama kwenye msimbo wa hapo juu, kisha kukisoma kwa desimali vile vile. Rudi kwenye kifundo chetu cha x = 101, ambacho kitovu chake ni 25.25. Kwenye mstari huo wa ramani, ukiacha mchango wa y pembeni, pikseli ya 25 ina 0.9922, ya 26 ina 0.9321, ya 24 ina 0.8226. Jirani wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto, na tofauti hiyo imebeba desimali tuliyoitafuta. Logi ya Gausi ni parabola, kwa hiyo thamani tatu zinatosha kupata kilele chake:

```python
a, b, c = np.log([0.8226, 0.9922, 0.9321])
print((c - a) / (2 * (2 * b - a - c)))   # karibu 0.25
```

25 na 0.25 ni 25.25, mara 4 ni 101. Nukta imerudi nyumbani. Njia ya zamani na rahisi zaidi ni kusogeza kilele robo pikseli kuelekea jirani aliye mrefu. Inaacha kosa lisilozidi pikseli 1 ya kipande, na kwa kazi nyingi inatosha. Angalizo moja: zote mbili hazina maana katika jaribio la kwenda na kurudi kama shabaha zilichorwa kwenye vitovu vilivyokadiriwa, maana hapo majirani wawili wanalingana na hakuna desimali ya kusoma.

Ramani zinazotoka kwenye mtandao si Gausi safi. Zina mabonde na vilele vidogo karibu na kilele kikuu, na wakati mwingine thamani hasi, ambazo logi haizikubali. Lainisha ramani kwanza kwa Gausi ndogo na uweke sakafu ya thamani, kwa mfano `np.maximum(r, 1e-10)`. Ukisahau, utapata nukta chache zilizoruka mbali sana huku nyingine zote zikiwa zimetulia.

Kosa linakua kutoka kushoto kwenda kulia: uwiano wa kwenda si uwiano wa kurudi. Sehemu moja ya msimbo inagawanya 192 kwa 48 na kupata 4. Nyingine inahesabu nafasi kati ya pikseli, 191 kwa 47, na kupata 4.064. Ukingo wa kushoto zinakubaliana. Ukingo wa kulia, pikseli ya 47 inakuwa 188 kwa moja na 191 kwa nyingine. Kwenye mchoro wako utaona mstari uliolala kimshazari. Chagua kanuni moja uitumie kote: kukata kipande, kuchora shabaha, kusoma kilele, kurudi kwenye picha asili. Mimi nachagua ya pili, kwa sababu ya tatizo linalofuata.

Kosa linaonekana tu unapochanganya picha na kioo chake. Watu wengi, wakati wa tathmini, hupitisha picha mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, kisha hugeuza ramani za pili na kuchukua wastani. Kwa uwiano wa 4, ramani iliyogeuzwa na kurudishwa haiangukii juu ya mwenzake. Nukta iliyo u kwenye ramani ipo 4u kwenye kipande. Kioo kinaipeleka 191 kutoa 4u. Kwenye ramani hiyo ni 47.75 kutoa u. Ukigeuza ramani unapata u kutoa 0.75. Imehama robo tatu za pikseli kwenda kushoto. Ndiyo maana misimbo mingi inasogeza ramani hiyo pikseli moja kulia kabla ya wastani, hatua ambayo wasomaji wake huiona kama uchawi na wengine huifuta:

```python
r_kioo[:, :, :, 1:] = r_kioo[:, :, :, :-1].copy()
```

Inaacha robo pikseli ya ramani, ambayo ni afadhali kuliko robo tatu. Ukitumia uwiano wa 191 kwa 47, hesabu hiyo hiyo inatoa sifuri kamili, na mstari huo unapaswa kuondolewa. Ukiuacha, unaleta kosa jipya la pikseli nzima.

Kosa halina mwelekeo wala umbo. Basi si hesabu za kuratibu. Linganisha viungo kimoja kimoja. Kosa la nyonga kuwa kubwa mara kadhaa ya la jicho si hitilafu: vipimo vya COCO vyenyewe vinaipa nyonga kiwango cha 0.107 na jicho 0.025, kwa sababu hata watu wanaoweka alama hawakubaliani nyonga iko wapi chini ya nguo. Hapo umefika kwenye ukomo wa alama zako, na kubadilisha sigma au mtandao hakutakuvusha.

## Dalili ya tatu: ramani moja ina madoa mawili

Kilele kimoja kiko kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kingine kwenye cha kulia, na nukta inarukaruka kati yao kutoka picha hadi picha.

Pima urefu wa vilele kwanza. Vikiwa vyote karibu na 0.5, na hali ikijirudia kwa karibu kila picha, sababu ni moja: unageuza picha kama kioo wakati wa mafunzo bila kubadilishana ramani za kushoto na kulia. Nusu ya mara, kiungo kile kile kinaitwa kushoto. Nusu nyingine kinaitwa kulia. Hasara ya mraba inamlipa anayetoa wastani wa shabaha, na wastani wa doa moja hapa na moja kule ni madoa mawili ya nusu kimo. Mtandao umefanya ulichouagiza.

Ikiwa unabadilishana lakini baadhi tu ya viungo ndivyo vibovu, tazama jozi. COCO huweka pua kwenye 0, kisha kila namba isiyo shufwa ni ya kushoto na inayofuata ni ya kulia: (1, 2), (3, 4), hadi (15, 16). MPII ina viungo 16 na huanzia kifundo cha mguu wa kulia, na jozi zake za miguu ni (0, 5), (1, 4), (2, 3). Jozi za seti moja zikitumika kwenye nyingine, mwili unachanganyika vipande vipande.

Kilele cha pili kikiwa kifupi, na kikionekana tu kwenye picha zenye watu wawili, basi ni jirani aliyeingia kwenye kipande. Msimbo hauna kosa. Mtandao unahitaji mifano zaidi ya watu walioshikana ili ujifunze kwamba mwenye kipande ni aliye katikati.

Mahali pa kusimama. Chora alama za asili, kabla ya mageuzi yoyote, kwenye picha mia moja na uzitazame kwa macho. Ukikuta kushoto na kulia vimegeuzwa kwenye alama zenyewe, rudisha kazi kwa walioziweka. Usiandike msimbo wa kupanga kushoto na kulia kwa kufuata x: utawaharibu wote waliogeuza mgongo na wote waliokunja mikono.

## Kuhusu sigma

Watu huibadilisha mapema mno. Kanuni inayohitajika ni kwamba ikue pamoja na ramani: kipande cha 288 kwa 384 chenye ramani ya 72 kwa 96 huenda na sigma 3, kama vile 48 kwa 64 inavyoenda na 2. Ukikuza ramani ukaiacha sigma, doa linafunika sehemu ndogo zaidi ya mwili na mtandao unachelewa kutoka kwenye sifuri. Ukiizidisha, juu ya kilele panakuwa tambarare na kelele kidogo inatosha kuihamisha nukta. Fanya badiliko hili baada ya jaribio la kwenda na kurudi kufaulu, siyo kabla.

## Wakati wa kumwita mtaalamu mwingine

Ukiwa unapima pembe za goti au nyonga kwa ajili ya matibabu, alama nzuri za tathmini hazikupi ruhusa. Nyonga ya COCO ni nukta iliyobofywa na mtu kwenye picha. Si kitovu cha kiungo cha mfupa, na tofauti kati ya viwili hivyo hubadilika kwa mavazi na kwa upande ambao kamera imekaa. Hakuna marekebisho ya doa yatakayoiondoa. Mtaalamu wa baiomekaniki alinganishe vipimo vyako na mfumo wa kufuatilia mwendo uliorekebishwa, kwa wagonjwa na mienendo ile ile utakayoipima, na matokeo yasifike kwa daktari kama kipimo kabla ya hapo.